Nusu Mzunguko wa Bi Kishindo

Karakana ile ya bawaba ilikuwa na mashine tano za umeme na moja ya mkono, na hiyo ya mkono ndiyo iliyosikika mpaka barabarani. Wauza viatu wa ng'ambo ya barabara walikuwa hawana haja ya saa. Wakisikia ule mshindo wa kwanza asubuhi, ta!, walijua mlango wa karakana umeshafunguliwa na bibi amekwisha kukaa mahali pake.

Jina lake wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulisahau. Walimwita Bi Kishindo, na yeye aliitika. Alikuwa mfupi, mikono minene, kilemba kimefungwa kwa nguvu kana kwamba anaogopa kisitoroke. Alikuwa amekaa kwenye presi ile ya mkono miaka thelathini na moja, na alikuwa hataki kuambiwa thelathini.

Presi yenyewe haikuwa na siri. Ni parafujo nene kama paja la mtu mzima, imesimama wima ndani ya fremu ya chuma. Juu ya parafujo umekaa mkono wa chuma uliolala, na kila ncha ya mkono ina tufe la chuma la kilo kumi. Kwenye ncha moja unaning'inia mpini. Unashika mpini, unavuta, mkono unazunguka na matufe yake, parafujo inashuka, na chini yake vitobozi vitatu vinagonga kipande cha chuma. Kipande kinatoka na mashimo matatu, tayari kuwa jani la bawaba ya mlango. Na zile punje za chuma zilizong'olewa kwenye mashimo zinadondokea ndooni.

Mtu asiyejua alifikiri ni kazi ya ubavu. Bi Kishindo mwenyewe alifikiri hivyo alipoanza, akasukuma kwa hasira, akashikilia mpini mpaka mwisho, na presi ikamrudishia hasira yake kwenye kifundo cha mkono. Wiki nzima alikula kwa mkono wa kushoto. Fundi aliyemfundisha, sasa marehemu, alimwambia, "Mama, hii haisukumwi, hii inarushwa. Vuta sawasawa tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho, nguvu ileile, usiongeze usipunguze. Kisha achia. Ulichoweka njiani ndicho kitakachotoboa."

Ulichoweka njiani. Maneno hayo aliyashika kuliko alivyowahi kushika kalamu.

Basi ikaja oda kubwa, bawaba za milango ya majengo mapya, jani nene la milimita tatu. Pamoja na oda akaja msimamizi mpya. Kijana msafi, kola imenyooka, na shingoni ana saa ya kupimia mbio. Hazijapita siku mbili akapewa jina la Bwana Saa. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia watu, alikumbuka majina ya watoto wao. Tatizo lake moja tu, alikuwa akiona kitu kinatembea anataka kitembee haraka zaidi.

Alisimama nyuma ya Bi Kishindo asubuhi nzima, anabonyeza saa yake, anaandika.

"Bi Kishindo," alisema mwishowe, "huu mkono unauzungusha nusu duara nzima. Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo unavyozunguka."

"Robo ingetosha. Kichwa cha presi kinapanda juu bure, vidole vitatu juu ya kipande, halafu kinashuka vidole vitatu. Tukikifunga chini zaidi kile kizuio cha mkono, kipande bado kitaingia vizuri, na wewe utapiga kila pigo kwa nusu ya muda."

"Mwanangu, kile kimo si cha kuingizia kipande. Ni cha kuvutia."

"Kuvutia nini?"

 Bi Kishindo alijua kwa bega, hakujua kwa mdomo. Na Bwana Saa, kwa heshima zake zote, hakungoja bega liseme. Alipanda juu ya kreti, akalegeza bolti ya pete ya kizuio, akaishusha, akaikaza. Kuanzia hapo mkono ulikuwa unaweza kurudi nyuma robo duara tu.

Bi Kishindo akavuta. Nguvu ileile, sawasawa, akaachia. Badala ya ta! presi ikasema dub. Vitobozi vilikuwa vimezama kidogo vikanasa, na ilibidi aurudishe mkono kwa kuung'ang'ania. Kipande kilitoka na alama tatu, duara safi, kina cha ukucha. Mashimo hakuna.

"Vuta kwa nguvu," alisema Bwana Saa.

Akavuta cha pili. Dub.

Kufikia saa sita kulikuwa na rundo la vipande vyenye vidonda visivyopenya, na Fundi Tupa alikuwa amekuja kulitazama. Fundi Tupa ndiye aliyechonga vitobozi vyote vya karakana ile, mzee mwembamba mwenye tupa mfukoni kama wenzake wanavyobeba kitana. Alipima ncha za vitobozi kwa kidole gumba.

"Ni vikali," alisema. "Kosa haliko hapa."

"Basi tunajua liko wapi," alisema Bwana Saa taratibu, na hakumtazama bibi. Lakini kila mtu alimtazama.

Kesho yake alikuja na dawa. Alikuwa amesoma chuo, na usiku huo, alisema, alikuwa amefungua daftari zake. Aliandika kwa chaki ukutani. "Kitu kinachozunguka kina nishati. Hiyo ndiyo inayotoboa. Nishati inategemea uzito na jinsi uzito ulivyokaa mbali na kitovu, na inategemea kasi, tena kasi inajizidisha yenyewe. Sasa, Bi Kishindo, wewe umri umekwenda, hatukulaumu. Tutaongeza uzito. Matufe ya kilo ishirini badala ya kumi. Uzito mara mbili, nishati mara mbili. Robo duara itatosha na zaidi."

Bi Kishindo alitazama chaki. Herufi alizijua zile za jina lake tu. Hata hivyo aliuliza, "Na hiyo kasi itabaki ileile?"

"Mbona isibaki?"

"Kwa sababu anayevuta ni mimi."

Watu wakacheka. Bwana Saa naye akacheka, alidhani ni mzaha wa uzee.

Matufe makubwa yakafungwa. Bi Kishindo akavuta nguvu yake ileile. Mkono ukaondoka kivivu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, ukazunguka robo yake, ukagonga. Dub. Alama tatu, kina cha ukucha. Alivuta tena, na tena. Tena alisikia jambo lingine, yeye mwenye miaka thelathini na moja ya kusikiliza. Robo duara ya matufe makubwa ilichukua muda uleule wa nusu duara ya matufe madogo. Ule upesi wote Bwana Saa aliousaka ulikuwa umemezwa na uzito wake mwenyewe, na mashimo bado hakuna.

Jioni msimamizi akamwita pembeni, sauti ya chini. "Bi Kishindo, Alhamisi mwenye karakana anakuja kukagua oda. Mpaka hapo Kifua atakaa kwenye presi. Wewe utakwenda meza ya kufungasha. Pale kuna kiti chenye mto."

"Mto nimekuomba?"

"Ni kwa ajili ya afya yako, mama."

"Afya yangu umeiona wapi? Umeifungia kizuio nayo?"

Lakini neno lilikuwa limeshatolewa. Kifua, mchomeleaji mwenye mabega ya mlango, alikaa kwenye presi asubuhi ya Jumatano, na ukweli usemwe, alitoboa. Alijitupa kwenye mpini kwa mwili wote, na ile robo duara ikatosha. Ta! Ta! Bwana Saa akatabasamu, na kwenye meza ya kufungasha wanawake wakamwonea haya Bi Kishindo, ambaye alikuwa anahesabu skrubu huku amekaa pembeni ya ule mto, si juu yake.

"Amevuta kiasi gani?" alimnong'oneza Fundi Tupa alipopita.

"Mara mbili yako, naona. Shingo imemtoka mishipa."

"Mara mbili, nusu ya njia," alisema Bi Kishindo polepole. "Basi jumla ni ileile yangu."

Fundi Tupa alisimama. Alimtazama kama mtu anayesikia redio ya jirani ikisema jina lake.

Kufikia saa nne ta! zikawa chache. Kufikia saa sita Kifua alikuwa anavuta kwa bega la kushoto, na presi inasema dub. "Mama," alimwambia Bi Kishindo wakati wa chakula, "miaka yote hii ulikuwa unalifanyaje hili jambo bila kufa?"

"Nilikuwa na njia ndefu," alisema yeye. "Nenda kaweke maji ya moto begani."

Nyumbani Bi Kishindo aliishi na wifi yake, mke wa marehemu kaka yake, vyumba viwili na ua wenye kisima. Wifi alikuwa mwepesi wa ulimi kuliko yeye, na wamekaa pamoja miaka kumi kwa sababu hakuna mwingine aliyewaweza.

"Kaa chini wifi yangu," alisema akimwona anazunguka uani. "Wamekupa mto, kaa juu ya mto. Wengine tungefurahi."

"Wakinitoa kwa uzee, sawa. Wakinitoa kwa uongo, sitoki."

"Utawaonyeshaje kama ni uongo? Ukivuta watasema umevuta kizembe. Akivuta mwingine watasema ana nguvu kuliko wewe. Mkono wa mtu hauna kipimo."

Ndivyo ilivyokuwa. Bi Kishindo aliinama kisimani kuteka maji. Kisima kilikuwa na gogo la kuzungusha kamba, lenye mpini wa chuma ubavuni. Alipandisha ndoo ikiwa imejaa, na pale karibu na ukingo kiganja kikamteleza. Ndoo ikashuka kama urefu wa mkono, mpini ukazunguka ukampiga kidogo kwenye kidole, akaushika. Hakuumia sana. Alisimama pale, ndoo inaning'inia.

"Wifi. Unakumbuka mwaka ule ulipoiachia ndoo kutoka juu?"

"Nisikumbuke? Mpini ulinivunja mkono, huu hapa bado unauma mvua ikija."

"Ndoo ni hii hii. Uzito ni huu huu. Mimi imenigonga kidole, wewe ulivunjika."

"Mimi ilishuka mbali."

Bi Kishindo aliweka ndoo chini taratibu, maji yasimwagike. Kisha akacheka mpaka wifi akauliza kama ameingiwa na kitu.

Alhamisi alifika karakana kabla ya mlinzi kumaliza kufagia, na Fundi Tupa akamkuta mlangoni. Walifanya kazi saa nzima, wawili wao. Mwenye karakana alipoingia, mama wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye Bi Kishindo alimjua tangu akija pale na sare ya shule, alikuta jambo la ajabu. Juu ya parafujo ya presi, katikati ya mkono, imefungwa rimu ya gurudumu la zamani. Kamba imezungushwa kwenye rimu, imepita kwenye roda, kigurudumu cha kupitishia kamba, iliyofungwa nguzoni, na mwisho wa kamba linaning'inia gunia.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Ni mkono wangu, mwanangu," alisema Bi Kishindo. "Kilo thelathini. Fundi ameupima kwenye mizani. Hauna miaka, hauna hasira, hauzembei. Unavuta vilevile juu na vilevile chini."

"Na ndani kuna nini?"

"Punje. Zile nilizong'oa mwenyewe. Zimejaa stoo."

Bwana Saa alikuja mbio. "Mkubwa, samahani, sikuambiwa…"

"Ngoja," alisema mwenye karakana. Alivuta kreti, akakaa. "Nionyeshe."

Walianza na vya Bwana Saa. Matufe makubwa, kizuio chini, robo duara. Fundi Tupa aliweka kipande, Bi Kishindo akaachia kamba. Gunia likashuka urefu kama wa kiwiko mpaka vidole, mkono ukazunguka kivivu. Dub. Fundi Tupa akatoa kipande na kutia kwenye alama kipimo chake chenye ulimi mwembamba.

"Milimita moja kamili," alisema.

Wakafungua matufe makubwa, wakafunga madogo. Robo duara ileile, gunia lilelile. Safari hii mkono uliruka upesi, ukafika mapema. Dub. Bwana Saa alinyoosha shingo kusikia kipimo.

"Milimita moja kamili."

"Haiwezekani," alisema Bwana Saa. Alichukua kipimo, akapima mwenyewe. Akapima tena kipande cha kwanza. "Uzito ni nusu. Ilitakiwa…"

"Na kasi umeiona?" aliuliza Bi Kishindo. "Madogo yamekwenda mbio, makubwa yamekwenda kivivu. Wewe uliongeza uzito ukadhani kasi itakusubiri palepale. Mwanangu, yale matufe hayana kitu chao. Yanabeba nilichoyapa. Nimeyapa gunia moja kushuka kiwiko kimoja. Yawe mazito, yawe mepesi, yatabeba hicho hicho. Mazito yatabeba polepole, mepesi yatabeba mbio. Kitobozi hakiulizi."

 Hata mashine za umeme walikuwa wamezizima, kila mtu amekuja.

"Sasa kizuio," alisema.

Fundi Tupa akapandisha pete ya kizuio mahali pake pa zamani. Mkono ukarudishwa nusu duara, kamba ikazunguka zaidi kwenye rimu, gunia likapanda mara mbili ya pale mwanzo. Bi Kishindo aliachia. Gunia likashuka viwiko viwili, mkono ukazunguka.

Ta!

Punje tatu zikadondoka ndooni, kli, kli, kli. Ng'ambo ya barabara muuza viatu mmoja alipiga kelele, "Bibi amerudi!"

"Funga na makubwa," alisema mwenye karakana. Alikuwa ameshasimama.

Wakafunga makubwa, nusu duara. Mkono ukaenda kwa maringo yake. Ta! Mashimo matatu.

"Kwa hiyo matufe hayana habari," alisema mwenye karakana, kama anajisemea. "Ni nguvu ya kuzungusha na umbali wa kuzunguka."

"Hizo mbili, ukizizidisha," alisema Fundi Tupa. "Nguvu ya kuzungusha mara pembe. Ukikata pembe nusu, umekata kazi nusu, na nishati ndiyo hiyo hiyo kazi imevaa nguo nyingine. Kifua alilipa kwa bega."

"Alilipa sana," alisema Kifua kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Bwana Saa alikuwa amekaa chini ya hesabu zake za ukutani. Alikuwa anasogeza midomo. Kisha alinyanyuka, akachukua chaki, na pale alipokuwa ameandika kasi akapiga mstari, akaandika kitu kidogo zaidi. Akahesabu tena. 

"Uzito ukiwa mara mbili, kasi inashuka kiasi kwamba inakuwa sawasawa kabisa," alisema. "Nilikuwa nayo hapa hapa. Sikuuliza inatoka wapi." Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana na bado alitaka kuokoa kitu, akasema, "Lakini tukiuongezea mpini bomba, uwe mrefu mara mbili, robo duara inatosha. Nguvu ya kuzungusha inakuwa mara mbili kwa mvuto uleule."

"Kweli kabisa," alisema Bi Kishindo. "Na mkono wangu utatembea njia ileile ndefu ninayotembea sasa, kwa sababu duara lenyewe litakuwa kubwa. Halafu bomba lako litagonga nguzo ile. Unataka kuhamisha nguzo? Inashika paa."

Hapo hata mwenye karakana alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Basi, Bi Kishindo," alisema alipopata pumzi, "rudi kwenye presi yako. Oda inangoja."

Bi Kishindo hakusogea. Alikunja mikono kifuani.

"Gunia limerudi kwenye presi. Mimi bado. Mimi nilitolewa kwa sababu mkono wangu umezeeka, mbele za watu. Yule aliyeshusha kile kizuio akishushe tena, palepale alipokiweka, halafu akipandishe kwa mkono wake, mbele za watu hao hao. Mpaka hapo niko kwenye mto."

"Mama, kizuio kiko juu tayari," alisema Fundi Tupa.

"Nimeona. Nina macho."

Mwenye karakana alimtazama msimamizi wake. Bwana Saa alivua ile saa shingoni, akaiweka juu ya kreti, akachukua spana. Alipanda. Alilegeza pete, akaishusha. Alikaza. Akapumua. Alilegeza tena, akaipandisha hadi kwenye alama ya zamani, iliyong'aa kwa miaka ya kukaa pale, akakaza mpaka spana ikalia.

"Imefika?" aliuliza bila kugeuka.

"Pandisha kidogo, robo uzi," alisema Bi Kishindo.

Akarekebisha.

"Hapo," alisema Bi Kishindo. "Sasa ni presi."

Wakafungua rimu na kamba. Fundi Tupa alitaka kulimwaga gunia kwenye rundo la chuma chakavu, Bi Kishindo akamkataza, likasimamishwa ukutani karibu na kiti chake. Yale matufe makubwa aliagiza yawekwe mlangoni yashike mlango upepo ukivuma, maana kwa kukaa tu yalifaa.

Bwana Saa alikuwa bado amesimama pale. "Naweza kujaribu moja?" aliuliza. "Nijue inavyokuwa."

Bi Kishindo alimpima kwa macho, kisha akampisha kiti. "Vuta sawasawa. Njia nzima. Usishikilie mwishoni."

Kijana akavuta vizuri, njia nzima, nguvu ileile. Mashimo matatu yakatoboka. Lakini alishikilia. Mpini ulisimama ghafla mkononi mwake, akaruka nyuma anapulizia kifundo cha mkono.

"Wiki moja utakula kwa kushoto," alisema Bi Kishindo, na kwa mara ya kwanza alimwita jina lake halisi, lile ambalo hakuna aliyedhani bibi analikumbuka. "Sasa ondoka hapo, unanichelewesha."

Alikaa. Alipangusa mpini kwa upande wa aproni, akaweka kipande, akarudisha mkono nusu duara kamili, mpaka ukagusa kizuio. Rundo la vipande vyenye alama za ukucha lilikuwa pembeni, vyote vya kurudia. Alianza navyo hivyo.